Taarifa ya Ukaguzi wa Nyumba Kabla ya Kununua: Shangani, Mtwara

Ukaguzi umefanyika tarehe 16 Septemba 2025, asubuhi hadi saa nane mchana. Muuzaji alikuwepo na alitufungulia vyumba vyote pamoja na banda la uani. Hali ya hewa ilikuwa kavu, hivyo sikuona paa likivuja. Nilichofuata ni alama za maji zilizoachwa na masika yaliyopita.

Nyumba ni ya matofali ya saruji, vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na baraza lenye slabu ya zege upande unaotazama bahari. Kwa mujibu wa muuzaji ilijengwa miaka ya tisini mwanzoni. Bei anayotaka ni shilingi milioni 78.

Dada, jibu fupi ni hili: nyumba inanunulika, ila si kwa bei hiyo. Ulinipigia simu ukiwa na wasiwasi wa ufa wa sebuleni. Ufa huo ndio jambo dogo kuliko yote niliyoyakuta. Kubwa liko juu ya mlango wa mbele, mahali ambapo kila mgeni anapita na hakuna anayeinua kichwa.

DARAJA LA KWANZA: KABLA YA KUHAMIA

Slabu ya baraza. Juu yake limewekwa simtanki la lita 2,000, maana yake likijaa ni tani mbili za maji tu, bila uzito wa slabu yenyewe. Chini kumepigwa rangi mpya nyeupe. Nilipogonga kwa nyundo ndogo, eneo la kama theluthi moja lilitoa mlio wa uwazi, ishara kwamba zege la chini limeachana na nondo. Kwa ruhusa ya muuzaji nilibomoa kipande cha ukubwa wa kiganja. Zege lililofunika nondo lilikuwa na unene wa milimita 12 tu. Karibu na bahari hivi linatakiwa kuwa 40 au zaidi. Nondo niliyoikuta ni ya milimita 12. Nilikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, nikapima kwa kalipa: zimebaki 8 na nusu. Kwa hesabu ya eneo la chuma, nguvu ya nondo hiyo imebaki nusu.

Chanzo ni chumvi. Inaletwa na upepo wa bahari, na kwa jinsi nilivyoona vipande vya kombe ndani ya zege, mchanga wenyewe ulichotwa ufukweni. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana zege linapasuka kutoka ndani. Usikubali fundi atakayekwambia "tunaziba na kupiga lipu". Lipu itaficha tatizo kwa msimu mmoja, na chuma kitaendelea kuliwa.

Kinachotakiwa: tanki litolewe maji leo na lishushwe, hata kabla ya mauzo kukamilika, kwa usalama wa wanaoishi humo sasa. Slabu ibomolewe na kumwagwa upya kwa mchanga wa mto uliooshwa. Gharama: milioni 3.8 hadi 4.8. Mnara wa tanki unaojitegemea, uani: milioni 1.3 hadi 1.8.

Umeme. Ndani ya nyumba nyaya ni nzuri kiasi. Shida iko sehemu mbili. Fimbo ya ethi nyuma ya nyumba imeliwa pale inapofungwa waya. Niliugusa waya ukabaki mkononi. Halafu banda la uani linapata umeme kwa waya wa eksitensheni uliopitishwa dirishani na kufukiwa bila bomba. Kuna hita ya maji bafuni na hakuna breka ya kukata umeme unapovuja. Usiruhusu mtu aoge kwa hita hiyo kwa sasa. Ethi mpya, breka na laini halali ya banda: milioni 1.4 hadi 2.0.

DARAJA LA PILI: KABLA YA MVUA

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo muda uliopo ni mfupi.

Siling bodi ya jikoni ni mpya kuliko ya vyumba vingine. Nikapanda darini. Kati ya kenchi tisa, tatu zilizo juu ya jiko zimeliwa na mchwa. Bisibisi iliingia mpaka mpini. Njia ya mchwa inapanda kwenye kona ya ukuta wa stoo na bado ina udongo mbichi, yaani wapo kazini. Kubadili mbao hizo na kupiga dawa, ardhini na mbaoni: milioni 1.2 hadi 1.6.

Bati za upande wa bahari zimetoboka kuzunguka misumari. Upande wa nyuma bado zina miaka kadhaa, usizibadilishe. Weka geji 28 yenye aluzinki na skrubu zenye mpira: milioni 3.2 hadi 4.0. Fundi akiwa juu, azifunge kenchi kwenye mkanda kwa bati la chuma. Sasa zimekaa kwa uzito wake tu. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilitua ng'ambo ya Ruvuma, na Hidaya cha Mei 2024 kilipita pwani yetu. Nyongeza hii haina gharama ya kutisha, nimeiingiza humo humo.

Ukuta wa nyuma wa chumba kikubwa unatoa chumvi na lipu inapukutika hadi sentimita 60 kutoka sakafuni. Muuzaji aliweka pevingi nje, ikapanda juu ya usawa wa jamvi la ndani, maji yanaegemea ukutani. Ishushwe pevingi kwanza, kisha lipu mpya. Marumaru ukutani si dawa. Milioni 0.9 hadi 1.3.

DARAJA LA TATU: UKIWA NA NAFASI

Ufa wa sebuleni unaanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari, upana wake hauzidi nusu milimita. Lenta imeishia karibu mno na ukingo wa dirisha, basi. Milango yote inafunga vizuri, sakafu iko sawa kwa levo, na nje hakuna ufa unaolingana nao kwenye msingi. Msingi haujashuka. Nimeandika tarehe kwa penseli kwenye ncha zote mbili. Ukivuka alama, nijulishe. Kuziba: laki moja na nusu hadi laki mbili na nusu. Grili za madirisha ya mbele zina kutu: laki 6 hadi 9 kusugua, kuchomelea na kupaka rangi.

BEI

Daraja la kwanza na la pili pamoja ni milioni 11.8 hadi 15.5 kwa bei za mafundi na vifaa vya Mtwara mjini. Ningeanza kuongea kwenye milioni 63 na nisingevuka 66. Daraja la tatu usilitaje mezani. Utaonekana unatafuta visingizio, na hoja ya slabu itapoteza uzito. Mpelekee muuzaji picha ya nondo, inatosha.

AMBAYO SIKUYAKAGUA

Karo limefunikwa na pevingi na sikuweza kulifungua. Hati na mipaka vihakikiwe ofisi ya ardhi ya manispaa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nyumba hii iko mbali na ukanda huo, lakini banda jipya lolote upande wa mbele lipimwe kwanza. Muuzaji amekubali kufungua karo akipewa notisi ya siku mbili, nami nitarudi kulitazama bila malipo ya ziada.