Mnyama wa ajabu Mwakirunge, picha nimeambatanisha

Asalam aleikum ndugu zetu wa KWS Mombasa,

Jana usiku kama saa nne mbwa walibweka sana shambani kwa jirani, tukatoka na tochi tukamkuta huyu mnyama kwenye kichuguu anachimba mchwa. Angalieni hiyo picha vizuri. Mwili mzima ni magamba makubwa kama ya samaki lakini magumu, mkia mnene, kichwa kidogo kimechongoka, na tulipomkaribia alijikunja akawa kama mpira, hata mbwa walishindwa. Mie tangu nizaliwe sijaona kitu kama hiki! Mzee mmoja hapa anasema ni kakakuona, zamani walikuwa wakionekana.

Sasa hivi tumemfunika na karai kubwa, tumeweka kijiwe chini apate hewa, chakula hagusi. Tafadhalini njooni leo leo, kwa sababu kuna vijana wawili wa boda washaanza kuuliza bei ya magamba, na mie nimekaa hapa mlangoni nimlinde lakini usiku ukiingia sijui itakuaje. Mkifika ulizeni mama wa mahamri karibu na msikiti, mtaletwa.

Mama wa mahamri, Mwakirunge