Barua ya Kujitambulisha na Kuomba Kubisha Hodi

Bismillahi Rahmani Rahim

Pangani, 20 Julai 2026

Kwa Mzee Jumaa bin Mbaruku na Bi Mwanahamisi,
Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tunawaamkia kwa heshima. Sisi hatujambo, alhamdulillah.

Mimi ni Salim bin Omari wa Pangani, baba mkubwa wa Rashidi bin Athumani. Baba yake, mdogo wangu, alifariki mwaka 2014, na tangu siku hiyo kijana yuko mikononi mwangu. Ana umri wa miaka 31, anafundisha hesabu sekondari hapa hapa Pangani. Mali hana ya kuihesabu, ila ana kiwanja na vyumba viwili alivyokwisha kuviezeka. Kila Ijumaa huvuka pantoni kwenda Bweni kumsomea bibi yake Yasini, kwa kuwa mtoto wa jicho umemzuia bibi kusoma mwenyewe. Sijamtuma, ameanza mwenyewe.

Jambo moja sipendi mlisikie mitaani. Rashidi aliwahi kuoa, mwaka 2021. Ndoa haikutimiza mwaka, wakaachana kwa wema, wala hawakujaaliwa mtoto. Cheti cha talaka kipo, tutakuja nacho, na lolote mtakalotaka kuuliza juu ya hilo tutalijibu mbele yenu.

Shangazi yake, jirani yenu hapo Ngamiani, ndiye aliyetusifia adabu na dini ya binti yenu Mwanaidi. Kijana ameridhika na sifa hizo, nasi wazee wake tumeridhia. Mola wetu anatuambia katika Surat Rum kwamba ametuumbia wenza ili tupate utulivu kwao, akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Hayo ndiyo tunayoyatafuta kwenu.

Kwa hiyo tunaomba ruhusa ya kuja kubisha hodi Jumapili, tarehe 9 Agosti, baada ya sala ya Alasiri. Tutakuwa watano: mimi, imamu wa msikiti wetu, mjomba wa kijana, mama yake na shangazi. Kijana mwenyewe hatakuja. Ya mahari hatutayagusa siku hiyo, tunakuja kujuana. Siku hiyo isipowafaa, tupangieni nyingine.

Na kama ipo posa iliyotangulia, tafadhali tuambieni waziwazi, kwani Mtume wetu ametukataza kuposa juu ya posa ya ndugu. Binti naye aulizwe kwa utaratibu, asiharakishwe.

Barua hii anaileta mshenga wetu, Mzee Kombo. Zile shilingi elfu hamsini zilizofungwa kwenye leso ni za kufungulia barua. Hata zikirudi, heshima yetu kwenu ni ile ile. Jibu lenu mpeni yeye, kwa wakati wenu.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu katika imani,
Salim bin Omari
kwa niaba ya wazee wa ukoo