Barua kwa Baba kuhusu mkataba wa shamba la Muheza

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Shikamoo Baba,

Mkataba nimeusoma mara mbili. Maneno ni mengi, mambo yenyewe machache.

Unauza ekari 3 za bondeni tu, kuanzia mwembe mkubwa hadi kijito. Nyumba, minazi na makaburi ya wazee havimo. Mwambie mjukuu wako akusomee ukurasa wa pili, mipaka imeandikwa pale. Wakitaja ekari 4, usitie dole gumba.

Bei ni shilingi milioni 12. Siku ya kusaini, milioni 8 ziingie kwenye akaunti yako ya benki, si mkononi. Milioni 4 zinabaki hadi halmashauri ya kijiji iridhie kwa maandishi, maana ardhi ya kijiji haiuziki kwa kupeana mikono tu. Mnunuzi akichelewa kuzilipa zaidi ya siku 90, unaweza kuvunja mkataba, ila umrudishie zake.

Mihogo iliyomo ni yako mpaka uvune. Hilo nililidai mimi, najua Mama angeniuliza. Naye lazima asaini, kwa kuwa shamba mmelilima pamoja.

Kipengele kimoja sikukipenda: eti gharama zote za kuhamisha umiliki ni zako. Nimemwambia wakili agawanye nusu kwa nusu. Usisaini kabla sijapiga simu.

Nakuja Alhamisi na basi la asubuhi. Miwani yako mpya ninayo.

Mwanao