Bibliografia yenye tathmini: zidaka katika nyumba za mawe za Mkomani, Lamu

Swali la tasnifu: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya chokaa, zilichongwa kwa kinga, au kwa fahari ya mwenye nyumba?

Donley-Reid, Linda. "A Structuring Structure: The Swahili House". Katika Susan Kent (mhr.), Domestic Architecture and the Use of Space. Cambridge University Press, 1990.
Kwake yeye, nyumba ya mawe ilipanga watu: nani aishie dakani, pale ukumbini mwa mlango, nani afike ndani. Zidaka na sahani za kaure zilikikinga chumba cha ndani, penye uzazi na kuoshewa maiti. Ndiyo makala niliyoitegemea zaidi na kugombana nayo zaidi. Aliuliza watu wa hapa hapa, na hilo wachache wamelifanya kwa kina kama chake. Lakini mtu wa leo akikwambia sahani ni ya kuzuia kijicho, amekueleza imani yake. Hajakueleza nia ya fundi wa karne ya 18. Nyanya yangu amelala chini ya zidaka maisha yake yote, na kwake ni pambo na pa kuweka msahafu. Je, naye tumkanushe? Nitaitumia makala hii kama hoja ya kujibiwa, si kama ushahidi.

Ghaidan, Usam. Lamu: A Study of the Swahili Town. Nairobi: East African Literature Bureau, 1975.
Jicho la msanifu majengo. Ramani zake zina thamani kuliko maelezo yake, kwa sababu zimeshika nyumba za mawe kabla hazijabadilika sana. Nyumba nyingi zimegawanywa tangu hapo. Kwetu friji imesimama palipokuwa na safu ya chini ya zidaka. Kwa maana ya zidaka hanisaidii. Kwa vipimo, simwachi.

Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy al-Lamuy. "Khabar al-Lamu". Mhr. William Hichens. Bantu Studies 12, 1938.
Sauti ya mwenyeji, na hapo ndipo pa kuitilia shaka: vita vya Shela vinasimuliwa na upande ulioshinda. Kwa ugomvi wa Lamu na Pate itafaa. Kwa kuta, karibu bure. Ninaibakiza kwa ajili ya mandhari ya wakati tu.

Mahojiano na fundi wa chokaa, Langoni. Kanda ya dakika 50, kwa Kiamu.
Hana nadharia. Alinipigia ukuta kwa kifundo cha kidole, akanionyesha panapolia tupu, kisha akasema chumba ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki zaidi. Msimamizi wangu aliuliza kama "fundi tu" anatosha kuwa chanzo. Kwa imani za waungwana wa kale, hatoshi, na mwenyewe alikataa kuzisemea. Kwa jinsi chokaa mbichi inavyochongwa kabla haijakauka, namweka mbele ya wote watatu waliotangulia.