Marekebisho ya bei: seti ya mashuka 6x6

Wapendwa wateja wetu, tunaomba radhi. Kwenye tangazo letu la jana asubuhi, picha ya mashuka ya rangi ya kijani yenye maua meupe iliandikwa Sh 35,000. Hiyo ni bei ya seti ya 5x6. Seti ya 6x6 iliyo kwenye picha ni *Sh 45,000*: mashuka mawili na foronya nne, pamba tupu.

Kosa ni letu, hatukukagua kabla ya kuposti. Kwa hiyo wote mliokwisha kulipa 35,000, au tuliowathibitishia oda kwa bei hiyo kabla ya tangazo hili, mtapata mzigo wenu wa 6x6 bila kuongeza hata senti. Ukiona ni heri urudishiwe pesa yako, tuandikie inboksi, tutairudisha leo leo.

Tangazo la jana tumelifuta. Kama ulimtumia ndugu au rafiki, tafadhali mtumie na hili, asije akapiga hesabu ya bei isiyo sahihi. Poleni sana kwa usumbufu, na asante kwa dada aliyetushtua kwenye komenti. 🙏🏾