MKATABA WA MAUZIANO YA GARI

Mkataba huu umefanyika Dodoma leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, kati ya Yona Masaka Chedego, mkazi wa Nkuhungu (MUUZAJI), na Rehema Saidi Kihiyo, mkazi wa Kisasa (MNUNUZI), kwa hiari yetu na tukiwa na akili timamu.

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2005, rangi ya fedha, namba T 386 DQV. Namba za chesisi na injini tumezilinganisha na kadi zikakubaliana. Nakala ya kadi, yenye saini zetu wote, imeambatishwa.

Bei ni shilingi 9,500,000. Mnunuzi amelipa leo 8,000,000 kwa njia ya benki. Zilizobaki 1,500,000 atalipa siku kadi itakapotoka TRA kwa jina lake, si kabla.

HALI YA GARI
Mnunuzi ameliendesha gari hadi Ihumwa na kurudi, akiwa na fundi wake. Muuzaji anatamka wazi: AC haipozi, shokapu ya mbele kushoto inavuja, gia hushtua kuingia ya pili asubuhi injini ikiwa ya baridi, bampa la mbele lilipigwa rangi upya baada ya kugongwa. Kwa hayo Mnunuzi amepunguziwa bei, na hatayadai tena. Gia boksi na injini hazijawahi kufunguliwa. Ikithibitika zilifunguliwa na Muuzaji akanyamaza, atabeba gharama ya matengenezo, kwa kuwa neno hilo ndilo Mnunuzi aliloliamini kuliko yote.

UMILIKI NA MADENI
Gari ni mali ya Muuzaji, na mkewe ameridhia liuzwe kwa kusaini hapa chini. Liliwahi kuwekwa dhamana ya mkopo wa SACCOS. Mkopo umekwisha, na barua ya kuachia dhamana pamoja na kadi halisi amekabidhiwa Mnunuzi. Tumeangalia pamoja deni la trafiki: ilikuwepo faini moja ya 30,000, Muuzaji ameilipa mbele yetu. Maegesho hayadaiwi. Deni lolote la kabla ya makabidhiano, hata likijitokeza baadaye, ni la Muuzaji. Mtu mwingine akija na madai halali juu ya gari, Muuzaji atarudisha fedha zote alizopokea ndani ya siku 14.

Gharama za kuhamisha umiliki ni za Mnunuzi. Muuzaji atatoa ushirikiano wote TRA utakaohitajika, bila kudai malipo mengine.

MAKABIDHIANO
Gari limekabidhiwa leo saa 10:00 jioni, Kisasa, likiwa na funguo mbili, tairi la spea, jeki na spana ya nati. Kuanzia saa hiyo ajali, faini na matumizi yote ni juu ya Mnunuzi. Bima iliyopo ni ya Muuzaji. Mnunuzi atakata yake kabla ya kuliingiza gari barabarani.

Nakala ni mbili, kila upande una yake.

Muuzaji: Yona M. Chedego (amesaini)
Mke wa Muuzaji: Neema P. Chedego (amesaini)
Mnunuzi: Rehema S. Kihiyo (amesaini)
Shahidi wa Muuzaji: Daudi M. Chedego (amesaini)
Shahidi wa Mnunuzi: Hamisi S. Kihiyo (amesaini)