Skripti mpya ya kuchangia nauli za kliniki ya nyayo za kupinda

Jamani timu, hii ndo tunayopiga picha Alhamisi. Ile ya zamani yenye kinanda cha huzuni na "bila wewe mtoto huyu hatatembea kamwe" nimeifuta yote, maana ni uongo, mtoto alishafungwa plasta nne kabla sisi hatujafika na mama yake alimleta kwa hela yake mwenyewe.

PICHA: Alfajiri, mikono ya mama inakoroga unga wa vitumbua. Sura haionekani.

MSIMULIAJI: Huyu mama anauza vitumbua, Singida. Kila Jumanne anafunga biashara mapema, anambeba mwanae wa miezi miwili, anapanda basi kwenda kliniki. Mtoto kazaliwa na nyayo za kupinda, inatokea kwa karibu mtoto mmoja kwenye kila 1,000, na inatibika. Hakuna aliyelogwa hapa, wala mama hakukosea kitu.

SAUTI YA MAMA (ile tuliyomrekodi, isikatwekatwe): "Miguu ilikuwa imegeukia ndani kabisa. Wakainyoosha taratibu, wakafunga plasta. Kila wiki wanafungua, wananyoosha tena kidogo. Sa hivi naziona nyayo zake. Majirani walisema niende kwa mganga, mi nikawaambia acheni nimalize hospitali."

PICHA: Miguu ya mtoto ndani ya plasta, mapajani kwa mama, kanga imemfunika vizuri.

MSIMULIAJI: Plasta huwa kama tano mpaka saba, wengi wanakatwa kidogo kano ya kisigino, halafu vinakuja viatu maalum vilivyoungwa na chuma katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadae ni vya kulalia tu mpaka afike miaka minne hivi. Kazi yote hiyo ya nyumbani anaifanya mzazi. Kinachomkwamisha ni nauli. Huyu mama analipa 14,000 kwenda na kurudi. Ukitoa 14,000 umemlipia mzazi safari moja ya kliniki. Lipa namba iko hapo chini kwenye skrini.

MAANDISHI YA MWISHO: Mama ameomba jina lake na sura ya mtoto visionekane. Ameitazama video hii kabla yako.

Sasa nyie wa kamera, nawaomba sana. Tulipomuomba ruhusa tulimtoa kwanza nje nesi anayemfunga mtoto plasta, mama asione aibu kukataa, na tukamwambia akikataa matibabu yanaendelea vilevile. Akafikiria siku mbili, akakubali sauti na mikono, sura akakataa, anasema mwanae akianza shule hataki aje achekwe kwa video. Kwahiyo hata ikipatikana picha nzuri ya sura kwa bahati, futeni palepale mbele yake. Ikishahaririwa inarudi kwake Jumanne inayofuata, akisema toa kipande fulani, tunatoa, na akisema isirushwe kabisa basi hairushwi.